Nimegawa aya na kuweka vichwa 23, mwanachama asiyeona anasema faili halina kichwa hata kimoja

Bi Karani
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu msaidizi wa saccos ya wafanyakazi huku mkoani. Tuna Mwongozo wa Mikopo wa kurasa 14, uliandikwa zamani na watu wanaopenda sentensi ndefu. Kuna wanachama wawili unawatesa. Mmoja ni mwalimu asiyeona, anatumia NVDA, ile programu inayomsomea skrini kwa sauti, kwenye laptop yake. Mwingine ni kijana wa stoo mwenye disleksia, anasema akifungua ukurasa ule mistari inamkimbia. Mwenyekiti kaniambia niurekebishe kabla ya mkutano mkuu.

Nimekata aya zote, hakuna inayozidi mistari mitano. Kila sehemu nimeipa kichwa, nikakiboldi, herufi zote kubwa, saizi 16, na kabla ya kila kichwa nimepiga Enter mara mbili tatu ili papumue. Kwa macho yangu umependeza. Jana nikamtumia mwalimu, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Binti yangu, asante kwa kunikumbuka, lakini humu hamna kichwa hata kimoja. Bado ni ukuta." Nimehesabu tena, vipo 23. Anamaanisha nini?

FundiMabango
Dada, pengine NVDA yake ya zamani, mwambie aisasishe. Kwa upande wa huyo wa disleksia, mimi nachora mabango na vipeperushi miaka mingi, kwa hiyo nisikilize. Achana na Times New Roman. Pakua OpenDyslexic, ni ya bure, herufi zake nzito chini hazigeuki machoni. Halafu sentensi moja, aya moja. Usiruhusu hata aya yenye sentensi mbili. Na upande wa kulia usinyooshe, acha mistari iishie inapoishia.

Sikio la Pili
Bi Karani, mwalimu wako yuko sahihi na NVDA yake haina ubaya. Mimi pia sioni, ni mhasibu, nalala na kuamka na programu hiyo.

Wewe umetengeneza maandishi makubwa meusi. Anayeona anayatambua kuwa kichwa kwa ukubwa wake. Mimi sina huo ukubwa. Ninachopata ni kile ambacho Word yenyewe imeandikiwa ndani ya faili, na kwenye faili lako vichwa vyote 23 vimeandikwa kuwa ni aya za kawaida, mtindo wa Normal, zilizotokea kuwa na wino mzito. NVDA ikifika pale inasoma "utaratibu wa mkopo wa dharura" kwa sauti ileile inayosomea kila kitu, kisha inaendelea.

Kichwa cha kweli kinatengenezwa hivi: weka kishale kwenye mstari wa kichwa, bonyeza Ctrl+Alt+1 kwa sehemu kubwa, Ctrl+Alt+2 kwa sehemu ndogo iliyo ndani yake. Au nenda Home, kwenye Styles, uchague Heading 1 au Heading 2. Ukishafanya hivyo, mwalimu akibonyeza Insert na F7 anafunguliwa orodha, anachagua vichwa, anavipata vyote kama yaliyomo ya kitabu, anaruka moja kwa moja kwenye anachotaka. Au ndani ya Word anabonyeza Insert na Space, kisha kila akigusa herufi H anaruka kichwa kimoja mbele. Leo akigusa H kwenye faili lako anaambiwa hakuna kichwa kinachofuata. Ndiyo maana kakwambia hamna hata kimoja.

Huhitaji NVDA kujua. Fungua View, weka tiki kwenye Navigation Pane, tazama kushoto. Kama pale pamekaa patupu na wewe unaona vichwa kwenye ukurasa, basi unaviona peke yako.

Bi Karani
Nimefungua sasa hivi. Patupu kabisa! 😅 Siku zote nilidhani zile Styles ni mapambo tu, na ile rangi ya bluu siipendi.

Sikio la Pili
Rangi ni shida ndogo. Bofya kulia kwenye Heading 1 pale kwenye Styles, chagua Modify, weka rangi na saizi unayotaka mara moja tu, vichwa vyote vya ngazi hiyo vitafuata.

Na usivipitie kimoja kimoja. Bofya ndani ya kichwa kimoja ulichoboldi, nenda Home, upande wa kulia kuna Select, chagua Select Text with Similar Formatting. Vyote vinavyofanana navyo vitashikwa. Kisha bofya Heading 2. Baadaye vile vikubwa vichache uvipandishe kuwa Heading 1 kwa mkono.

Huku ukiwa humo, ondoa zile Enter. Mimi nikishuka kwa mshale wa chini, kila mstari mtupu naambiwa "tupu". Kabla ya kichwa naambiwa tupu, tupu, tupu. Ikifika ya nne, mtu huanza kujiuliza kama faili limeishia hapo. Nafasi iweke kwenye huo huo mtindo: Modify, Format, Paragraph, kwenye Before andika 18, After andika 6. Jicho litaona nafasi ileile na sikio halitaambiwa kitu.

MamaWawili
Samahani jamani, naomba kuuliza hapa hapa. Mwanangu yuko darasa la tatu, anachanganya b na d, mwalimu anasema ni mvivu. Hizo Heading nikiweka kwenye madaftari yake zitamsaidia? Na disleksia inapimwa wapi?

Muuguzi wa Zamu
Mama Wawili, hayo ya Heading ni ya faili za kompyuta, kwenye daftari hayapo. Kwa mtoto, anza kwa kumpima macho na masikio, ili ujue si hayo. Kisha uliza ofisi ya elimu ya wilaya kuhusu afisa elimu maalumu. Fungua uzi wake, nitakuja kuchangia, maana huyo mtoto ni mimi wa zamani.

Narudi kwa Bi Karani. Nina disleksia, nilijua nikiwa chuoni. Nataka kusema jambo ambalo wengi hawalijui kwa sisi tunaosoma Kiswahili. Kiswahili kinatamkwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mimi sikosei sana kusoma neno. Nachelewa. Ninachoshindwa ni maneno marefu yanayofanana mwanzo na mwisho yakiwa karibu karibu. Mwongozo wa mikopo ndio mahali pake: mkopaji, mkopeshaji, mkopeshwaji, mdhamini, mdhaminiwa, watakaowadhamini, watakaodhaminiwa. Nikiyakuta kwenye aya moja nalazimika kurudi mwanzo mara tatu kujua nani anamdai nani. Aya hata iwe ya mistari minne, haisaidii kama mistari yote minne ina mkopeshwaji na mkopeshaji.

Chagua majina mawili matatu yasiyofanana na uyashikilie mpaka mwisho. "Mwombaji", "mdhamini", "chama". Basi.

FundiMabango
Hilo la majina sikuwahi kulifikiria. Ila OpenDyslexic unakubali?

Muuguzi wa Zamu
Nimeitumia mwezi mzima kwenye simu. Kwangu haikubadili kitu, ilinichosha tu kwa sababu ni pana. Wapo wanaoipenda, siwezi kuwakatalia, lakini utafiti uliofanywa juu yake hauonyeshi faida ya wazi. Kilichonisaidia ni Arial au Verdana, saizi 12 hadi 14, nafasi ya mstari 1.5, na kama ulivyosema, kulia kusinyooshwe. Word ikinyoosha kulia inatawanya maneno, na maneno yetu ni marefu, kwa hiyo mstari wenye maneno matano unabaki na mapengo kama meno ya kibogoyo. Jicho langu linadondokea kwenye pengo, linaibukia mstari wa chini.

Na herufi kubwa zote kwenye vichwa, tafadhali ziondoe. UTARATIBU WA KUREJESHA na UTARATIBU WA KUWEREKESHA... umeona? La pili halina maana yoyote, nimelitunga, lakini kwa herufi kubwa mimi nayaona mabati mawili yaleyale. Kwa herufi ndogo kuna zinazopanda na zinazoshuka, neno linapata umbo.

Bi Karani
Nimesoma mara mbili kabla ya kuona tofauti, na mimi sina disleksia.

Ripoti ya kazi: ile Select imefanya kazi, vichwa 23 vyote vimeingia Navigation Pane. Tatizo, kuna maneno matatu niliyokuwa nimeyaboldi katikati ya aya, nayo yamegeuka rangi na saizi ya kichwa.

Sikio la Pili
Yachague, bonyeza Ctrl na Space, yatarudi kama wenzake. Sasa tuletee aya moja ya mwongozo kama ilivyokuwa mwanzo na ulivyoikata. Ile sheria yako ya mistari mitano inanitia mashaka.

Bi Karani
Hii ya mkopo wa dharura. Ilikuwa hivi:

"Mkopeshwaji anayehitaji mkopo wa dharura atajaza fomu namba 3 inayopatikana kwa karani wa mikopo na kuiambatanisha na nakala za hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho pamoja na majina ya wadhamini wawili watakaomdhamini ambao hawana mkopo uliochelewa, isipokuwa pale ambapo kiasi kinachoombwa hakizidi shilingi 300,000 ambapo mdhamini mmoja atatosha, na ombi litajibiwa ndani ya siku tatu za kazi tangu kupokelewa, na endapo atashindwa kurejesha kwa miezi miwili mfululizo atakatwa kwenye akiba zake kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu."

Mimi nikaikata mara tatu. Aya ya kwanza inaishia "miezi mitatu ya mwisho". Ya pili inaanza "Pia majina ya wadhamini wawili" hadi "mdhamini mmoja atatosha". Ya tatu inaanza "Ombi litajibiwa" hadi mwisho.

Sikio la Pili
Umekata kwa rula, ndiyo maana.

Ngoja nikueleze aya ni nini kwangu. Ninaposikiliza na nikapotea, sirudishi kidole kwenye mstari kama wewe. Nabonyeza Ctrl na mshale wa juu, narudi mwanzo wa aya, naisikia yote upya. Kwa hiyo aya ndiyo kipande kidogo ninachoweza kukirudia bila usumbufu. Kwenye ile ndefu ya mwanzo, kukosa neno "mitatu" kunanigharimu kuisikiliza nzima tena. Ndiyo faida ya kuifupisha. Lakini kipande kinatakiwa kiwe na jambo moja lililokamilika, kwa sababu nitakisikia peke yake.

Sasa sikiliza aya yako ya tatu peke yake: "endapo atashindwa kurejesha kwa miezi miwili mfululizo atakatwa kwenye akiba zake". Nani? Kiswahili kinaturuhusu kuficha mtu ndani ya "a". Ndani ya aya ndefu tulikuwa tunakisia kwamba ni mwombaji. Ukiikata, mtu wa mwisho kutajwa ni mdhamini. Nikishuka aya kwa aya nikatua hapo, nitaapa kwamba mdhamini ndiye anayekatwa. Na "hapo juu" ni wapi? Kwangu juu hakupo. Taja kichwa chenyewe.

Ningeiandika hivi:

"Dharura: mkopo wa haraka

Mwombaji anajaza fomu namba 3. Fomu iko kwa karani wa mikopo.

Fomu iambatane na nakala za hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho.

Mkopo usiozidi shilingi 300,000 unahitaji mdhamini mmoja. Ukizidi hapo, wadhamini wawili. Mdhamini asiwe na mkopo wake uliochelewa.

Chama kinajibu ndani ya siku tatu za kazi tangu kupokea fomu."

Aya ya kukatwa akiba nimeiacha, kwanza tuambie anakatwa nani. FundiMabango, ona aya ya wadhamini ina sentensi tatu. Ningezitenganisha, masharti ya kiasi na idadi yangeachana. Sentensi moja aya moja ni nzuri kwenye bango.

FundiMabango
Nimekubali nusu. Kwenye simu bado nadhani sentensi tatu ni nyingi.

Kaka wa Pwani
Mbona kichwa umekigeuza "Dharura: mkopo wa haraka"? "Utaratibu wa Mkopo wa Dharura" ni Kiswahili kizuri zaidi. Tusiharibu lugha kwa sababu ya kompyuta.

Sikio la Pili
Kaka, lugha haijaharibika, ila swali ni la haki. Nimuulize Bi Karani: kati ya vichwa 23, vingapi vinaanza na neno "Utaratibu"?

Bi Karani
Nimehesabu. Tisa. Na vitano vinaanza na "Masharti ya".

Sikio la Pili
Mwalimu akifungua orodha yake atasikia "utaratibu" mara tisa kabla ya kufika kwenye neno linalotofautisha. Anayeona anaruka hayo maneno kwa jicho. Sisi hatuwezi, sauti inaanza mwanzo kila mara. Na ndani ya orodha ile ukiandika herufi ya kwanza inakupeleka kwenye kichwa kinachoanza nayo. Akitaka dharura anagusa D, elimu anagusa E, wadhamini W. Kwa vichwa vyako akigusa U ana kazi ya kutwa nzima.

Kama hutaki nukta pacha, "Mkopo wa dharura" inatosha, lakini basi yote ya mikopo itaanza na M.

Muuguzi wa Zamu
Hata kwangu inasaidia. Vichwa tisa vinavyoanza na neno moja refu kwangu ni kichwa kimoja kilichorudiwa. Ila naomba kutofautiana na Sikio kwa idadi: mimi ningetaka kichwa kidogo kila baada ya aya tatu nne. "Fomu", "Wadhamini", "Majibu". Nikipotea nina pa kushika.

Sikio la Pili
Hapo tunavutana. Ukifanya hivyo kwa kurasa 14 orodha yangu ina vichwa sabini, na "Wadhamini" vipo tisa, sijui ni wa mkopo upi. Suluhu mojawapo ni kuvifanya Heading 3 ili mimi niguse 2 na kuruka mikopo tu bila kushuka ndani. Lakini mtu asiyezijua hizo namba atazama. Sina jibu linalotufaa wote wawili.

Kaka wa Pwani
Na namba za vifungu? Kwenye mkutano watu husema "kifungu cha 4.2". Mkizifuta mtagombana.

Bi Karani
Zipo, nimeziandika kwa mkono mbele ya kila kichwa.

Sikio la Pili
Zifute hizo za mkono, ziache zijiandike zenyewe: Home, Multilevel List, chagua ile iliyounganishwa na Heading 1 na Heading 2. NVDA inazisoma, na ukiongeza kifungu katikati hutahangaika kubadili vinavyofuata. Ila ukubali kwamba ile hila ya kugusa D inaweza kukosa kufanya kazi, maana kichwa sasa kinaanza na namba. Jaribuni na mwalimu kabla ya kuchagua.

Jambo la mwisho kwangu leo: mtalituma vipi?

Bi Karani
Kama kawaida, tunachapa, mwenyekiti anasaini na kupiga muhuri, tunaskani kwa simu, PDF inaingia kundi la WhatsApp.

Sikio la Pili
Basi kazi yote ya wiki hii inafutika kwenye hatua ya kuskani. Ile PDF ni picha 14 za karatasi. Hakuna herufi ndani, achilia mbali vichwa. Mwalimu atasikia kurasa tupu.

Toa PDF kutoka Word yenyewe: Save As, chagua PDF, bofya Options, hakikisha Document structure tags for accessibility ina tiki. Usipitie kwenye Print ukachagua Microsoft Print to PDF, hiyo inaacha vichwa njiani. Kabla ya kutoa, chagua maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, weka Kiswahili. Faili lisiposema ni la Kiswahili linaweza kusomwa kwa sauti ya Kiingereza, na "akiba zake" iliyosomwa na Mwingereza ni adhabu. Muhuri uskani ukurasa wa mwisho peke yake, uutume kama faili la pili.

Muuguzi wa Zamu
Na faili la Word lenyewe muwape wanaolitaka. Mimi nikilipata nabadilisha rangi ya ukurasa iwe ya maziwa na naongeza nafasi. PDF siiwezi kuigeuza hivyo kwa urahisi.

Bi Karani *(siku tatu baadaye)*
Mrejesho. Vichwa nimeviandika upya, 19 sasa, hakuna viwili vinavyoanza sawa. Majina yamebaki mwombaji, mdhamini na chama. Arial 12, nafasi 1.5. Kijana wa stoo nimempa nakala ya karatasi, akasoma kurasa mbili za kwanza amesimama palepale kaunta, akauliza kama tumepunguza masharti. Hatujapunguza hata moja.

Mwalimu naye amejaribu lile faili la Word. Vichwa anavipata, anaruka. Namba zimekuwa kama Sikio alivyosema, herufi za kwanza hazimpeleki popote, ila amesema tuziache kwa sababu ya mkutano. Jedwali la riba bado linamchanganya, anasikia asilimia bila kujua ni za mkopo upi. Nitafungua uzi mwingine wa hilo.

Mwenyekiti hataki kutenganisha ukurasa wa muhuri, anasema waraka usio na muhuri ni barua ya mapenzi. Kwa sasa natuma mafaili mawili, lililoskaniwa na la Word, na yeye anajua moja tu.

Ile "atakatwa" nimeipeleka kwenye kamati ya mikopo. Wawili wanasema ni mwombaji, mmoja anasema tangu zamani wamekuwa wakimkata mdhamini kwanza. Wamekaa saa nzima jana, wameahirisha mpaka Jumanne. Aya hiyo nimeiacha ilivyo.